Hindi la Ufipa: makaa au maji? Dakika zake, dalili zake na namna ya kuepuka kuliunguza

Miaka hii mfungo wa Ramadhani umeangukia miezi ya Februari na Machi, na kwa wakazi wa uwanda wa juu wa Ufipa miezi hiyo ndiyo ya mahindi mabichi. Mahindi hupandwa mvua zinapoanza, kati ya Novemba na Desemba, na ifikapo Februari mashamba ya Mpui, wilayani Sumbawanga, huwa yamesimama marefu kuliko mtu. Kwa sababu hiyo futari ya nyumba nyingi huku ina hindi ndani yake, la kuchoma au la kuchemsha, pamoja na uji na maharage.

Tulipata kufuturu Mpui kwa siku kadhaa tukiwa wageni wa familia moja iishiyo kando ya barabara itokayo Tunduma kwenda Sumbawanga. Siku ya kwanza, kwa kutaka kumpumzisha mama mwenye nyumba, tulijitolea sisi kupika mahindi. Tulikuwa watu wa pwani, na mahindi tumeyapika tangu utotoni. Tulichemsha kwa dakika arobaini, kama tulivyozoea Dar es Salaam, na mengine tukayachoma juu ya jiko lililokuwa bado linatoa ndimi za moto.

Adhana ya Magharibi ilipotolewa, mambo yalikuwa haya. Mahindi ya kuchemsha yalikuwa yamebadilika rangi, lakini punje zilikuwa ngumu katikati. Ya kuchoma yalikuwa meusi kwa nje, na ndani yakitoa maziwa mabichi. Watoto walitafuna kwa sababu watoto hutafuna chochote. Bibi wa nyumba ile, aliyebakiza meno machache na aliyefunga siku nzima, alilionja hindi lake mara moja, akaliweka kando ya sahani taratibu, akanywa uji. Hakusema neno. Kimya chake kilitutia haya kuliko lawama.

Kesho yake mama mwenye nyumba alituita jikoni mapema. “Wanangu,” alisema, “mahindi ya jana hayakuwa na kosa. Mliyachanganya makubwa na madogo, kisha mkaamini saa yenu ya pwani.” Makala haya ni yale tuliyojifunza kwake, pamoja na maelezo ya kwa nini mambo huwa hivyo.

Kwanza, lijue umri wa hindi

Kabla ya kuuliza lichomwe au lichemshwe, hindi huulizwa umri wake. Mama yule alimwaga kapu la mahindi kumi juu ya mkeka, akafungua ncha ya kila moja kiasi cha vidole viwili, akabonyeza punje moja kwa ukucha wa kidole gumba. Kwa kazi hiyo ya dakika tano aliyagawa mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni mahindi machanga. Ukucha huingia bila nguvu na punje hurusha maji meupe mepesi kama maziwa. Ndevu zake zimeanza kuwa kahawia nchani, lakini karibu na hindi bado ni mbichi. Hindi hili lina utamu mwingi na wanga kidogo, na maji yamejaa ndani yake.

Fungu la pili ni mahindi ya wastani. Ukucha huingia kwa kusukuma kidogo, na kinachotoka ni kizito, kama uji wa unga au ugali mlaini. Ndevu zimekauka zote, ila maganda bado ni ya kijani. Hili ndilo hindi la kuchoma.

Fungu la tatu ni mahindi yaliyokomaa. Ukucha hauingii, au huacha alama tu juu ya ngozi ya punje, na hakuna maji yanayotoka. Maganda ya nje yameanza kuwa manjano. Hindi hili bado ni la kuliwa bichi kwa maana ya kutokaushwa, lakini wanga wake umeshajifunga na ngozi ya punje imekuwa nene.

Jambo hili halimalizikii shambani. Hindi likishavunjwa huendelea kuishi, na sukari iliyomo ndani yake hugeuka wanga saa baada ya saa, hasa penye joto. Hindi lililovunjwa asubuhi Mpui likapikwa jioni ni laini kuliko ndugu yake aliyepakiwa kwenye lori akafika sokoni mjini baada ya siku mbili au tatu. Kwa hiyo msomaji aliye mbali na shamba alihesabu hindi lake kuwa limesogea kuelekea fungu la juu yake. Maganda yasivuliwe mpaka wakati wa kupika, kwa kuwa ndiyo yanayozuia punje kukauka.

Siku yetu ya kwanza tulikuwa na mafungu yote matatu katika sufuria moja na juu ya wavu mmoja, tukayapa yote muda ule ule. Hapo ndipo kosa lilipoanzia.

Kwa nini maji ya Ufipa hupika polepole

Kosa letu la pili lilitokana na nchi yenyewe. Uwanda wa Ufipa uko juu sana. Maeneo ya Sumbawanga na Mpui yamezidi mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na sehemu nyingi hukaribia mita 1,800. Huko juu hewa ni nyepesi, haiyakandamizi maji kama inavyoyakandamiza pwani, na kwa hiyo maji huchemka kabla ya kupata joto kamili. Dar es Salaam maji huchemka kwenye nyuzi 100. Ufipa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi.

Mtu ataona tofauti ya nyuzi sita kuwa ndogo. Kwa uji si kitu, kwa kuwa wanga wa mahindi huanza kuvimba na kushikana mapema, kwenye nyuzi 70 hivi. Lakini kulainisha ngozi ya punje na kiini chake ni kazi ya joto na muda kwa pamoja, na joto likipungua kidogo muda huongezeka sana. Kwa hesabu ya jiko, chakula kigumu kinachochemshwa Ufipa huhitaji muda wa pwani pamoja na thuluthi yake, na pengine nusu yake. Wanaopika maharage huku wanalijua hilo kwa mazoea, hata kama hawalitaji kwa nyuzi.

Kuna dhana moja inayogharimu mkaa mwingi. Mpishi akiona mahindi hayajaiva huongeza moto ili maji yachemke kwa nguvu. Ukweli ni kwamba maji yakishachemka hayapandi joto tena. Yanayotokota kwa kishindo na yanayochemka taratibu yana joto lile lile, ila yale ya kwanza hugeuka mvuke haraka na kukausha sufuria. Kinachofaa ni kupunguza makaa mara maji yanapochemka, kufunika vizuri, na kuongeza dakika badala ya kuongeza moto. Aliye na sufuria ya presha ndiye pekee anayeweza kulipandisha joto la maji, kwa sababu mfuniko wake hubana mvuke ndani. Katika sufuria hiyo hindi la wastani huiva kwa dakika 20 hivi tangu mvuke uanze kutoka.

Namna ya kuchemsha

Mama yule alivua maganda magumu ya nje na kubakiza mawili au matatu laini ya ndani. Ndevu alizitoa. Maganda safi yaliyovuliwa aliyatandika chini ya sufuria, akapanga mahindi juu yake, kisha akafunika kwa maganda mengine kabla ya kuweka mfuniko. Maganda ya chini huzuia hindi kugusa sufuria na kuungua maji yanapopungua. Ya juu hushika mvuke, ili mahindi yaliyo juu yasibaki nyuma ya yale ya chini.

Maji yawe ya kufunika mahindi yote. Muda uanze kuhesabiwa maji yanapochemka, na si sufuria inapowekwa jikoni. Kwa hali ya Mpui, mahindi machanga yanataka dakika 35 hadi 40, ya wastani dakika 50 hadi 60, na yaliyokomaa saa moja na nusu. Pwani, hayo hayo yangetosheka na dakika 25, dakika 40 na saa moja.

Chumvi alitia mwishoni, zikiwa zimebaki dakika kumi, kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa lita moja na nusu ya maji. Anayetia chumvi mwanzoni hujikuta na maji makali, kwa sababu katika saa moja na nusu maji mengi hutoka kama mvuke na chumvi hubaki. Kama maji yatapungua kabla ya muda, yaongezwe ya moto. Maji baridi husimamisha mchemko, na dakika zile hupotea.

Dalili ya kuiva haipatikani kwa rangi. Chomoa punje moja katikati ya hindi na uikate kwa ukucha. Ndani isiwe na maji meupe wala kiini kigumu cheupe; iwe imeshikana na kuteleza kama ugali ulioiva. Tunasema katikati ya hindi kwa sababu punje za nchani ni ndogo na huiva mapema, na ndizo zilizotudanganya siku ya kwanza.

Namna ya kuchoma

Makaa hayana habari na mwinuko wa nchi. Jiko la mkaa la Mpui lina ukali ule ule wa jiko la Kariakoo, na ndiyo maana hindi la wastani huchomwa kwa dakika 12 hadi 15 huku kama kule. Tofauti kubwa kati ya makaa na maji ni kwamba maji yana kikomo cha joto na makaa hayana. Maji hayawezi kuunguza hindi maadamu yamo sufuriani. Makaa yanaweza kuunguza ngozi ya punje kabla joto halijafika kwenye kiini, na mpishi ndiye anayeweka kikomo kwa urefu wa wavu na kwa kugeuza.

Jambo la kwanza ni kungoja. Mkaa unaotoa ndimi za moto au moshi bado haujawa makaa. Ndimi za moto hulamba hindi upande mmoja na kulipaka masizi. Mama yule aliwasha jiko kwa magunzi makavu ya msimu uliopita, akaliacha nje kwa muda wa nusu saa, mpaka kila kipande kikawa chekundu ndani na kimevaa jivu jeupe juu. Mafuta ya taa na mifuko ya plastiki havifai kuwashia, kwa kuwa harufu yake huingia katika punje, na moshi wa plastiki ni sumu.

Jambo la pili ni kupima joto kwa kiganja. Weka kiganja juu ya jiko, mahali hindi litakapokaa, na uhesabu polepole. Ukilazimika kuutoa mkono kabla ya kufika tatu, moto ni mkali mno. Ukifika nne au tano, hapo ndipo. Ukipita nane bila taabu, hindi litakauka kabla ya kuiva. Wavu uwe juu ya makaa kwa upana wa kiganja hivi. Asiye na wavu wa kuinua apunguze makaa au ayasogeze yote upande mmoja wa jiko, ili apate sehemu yenye moto na sehemu ya kukimbilia.

Jambo la tatu ni kugeuza. Hindi lina pande nne kwa mpishi, na kila upande ukae dakika mbili tu kabla ya kugeuzwa robo. Baada ya dakika nane pande zote zitakuwa zimepita mara moja, na mzunguko wa pili ndio unaomalizia. Kitako cha hindi ni kinene na ncha ni nyembamba, kwa hiyo kitako kielekee katikati ya jiko na ncha itokeze nje. Mahindi mengi tuonayo yameungua nchani na ni mabichi kitakoni yalilazwa kinyume chake.

Mpishi asikilize pia. Punje ikianza kuiva hutoa mlio mdogo mdogo na harufu tamu, kisha weupe wa maziwa hupotea na kung’aa kama nta, na madoa ya kahawia hutokea. Hapo ni vizuri. Madoa yakiwa meusi, au punje zikaanza kuruka kwa kishindo, moto umezidi: maji yaliyo ndani ya punje yamegeuka mvuke na kupasua ngozi. Kipepeo kipepewe mdomoni mwa jiko na kwa upole. Anayepepea juu ya makaa hurusha jivu, nalo hukwama katikati ya mistari ya punje.

Hindi likishaanza kuwa jeusi na bado ni bichi, usiliache pale pale kwa matumaini. Lisogeze penye makaa machache, lifunike kwa ganda bichi lililoloweshwa maji, uliache dakika tano. Mvuke wa ganda utaivisha ndani bila kuendeleza weusi wa nje. Punje zilizokuwa makaa kabisa zikwanguliwe kwa kisu. Ni chungu, na hazina faida.

Lipi lichomwe, lipi lichemshwe

Sasa tunaweza kujibu swali la kichwa cha makala haya. Hindi la wastani ndilo linalostahili makaa, kwa sababu lina wanga wa kutosha kushikana na maji ya kutosha kutokauka. Na makaa hulipa ladha ambayo sufuria haiwezi kuitoa, kwani ile rangi ya kahawia na harufu yake hutokea tu joto linapopita kwa mbali lile la maji yanayochemka.

Hindi changa likichomwa wazi hukunjamana, kwa kuwa ni maji matupu yanayokauka. Hilo lichemshwe. Na kama familia inataka lazima lichomwe, lizikwe katika makaa likiwa na maganda yake kwa dakika 20 hadi 25, likigeuzwa kila baada ya dakika tano. Maganda ya nje yataungua, na hindi litaiva kwa mvuke wake lenyewe. Kisha livuliwe na kupitishwa juu ya makaa dakika mbili au tatu kwa ajili ya harufu.

Hindi lililokomaa likichomwa moja kwa moja huwa kama bisi ambazo hazikupasuka, adui wa meno. Hilo ni la sufuria. Anayelitaka la kuchoma alichemshe kwanza saa moja, alifute maji, kisha alichome kwa dakika tano tu. Mama yule aliita hiyo njia ya wazee, na ndiyo aliyomwandalia bibi. Punje huwa laini kwa maji na kunukia kwa makaa.

Jioni ya pili, saa kwa saa

Katika mwezi wa Machi jua la Mpui huchwa karibu nusu saa baada ya Dar es Salaam, kwa kuwa Rukwa iko magharibi ya nchi na saa yetu ni moja. Jioni ile Magharibi ilikuwa saa 1 na dakika 10. Tulikuwa na mahindi kumi: manne yaliyokomaa, matatu machanga na matatu ya wastani. Mama yule alipanga kazi kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka kwenye adhana.

Saa 11 jioni jiko la kwanza lilikuwa limewashwa, na sufuria yenye mahindi manne yaliyokomaa ilichemka saa 11 na nusu. Makaa yakapunguzwa, mfuniko ukawekwa. Saa 12 na dakika 10 jiko la pili liliwashwa nje kwa ajili ya kuchoma. Saa 12 na dakika 20 mahindi matatu machanga yaliingia sufuriani juu ya yale manne. Mchemko ulisimama kidogo, ukarudi baada ya dakika tano, na dakika zao zikaanza kuhesabiwa hapo.

Saa 12 na dakika 35 hindi moja kati ya yale manne lilitolewa, likiwa limechemka zaidi ya saa moja, likafutwa na kufungwa katika kitambaa lingoje makaa. Hilo lilikuwa la bibi. Saa 12 na dakika 50 kiganja kilihesabu hadi tano juu ya jiko la pili, na mahindi matatu ya wastani yakalazwa, vitako katikati. Chumvi ilitiwa sufuriani dakika tano baadaye. Saa 1 kamili hindi la bibi liliwekwa kando ya makaa kwa dakika zake tano.

Saa 1 na dakika 5 kila kitu kilikuwa tayari. Ya kuchemsha yalibaki ndani ya maji yake ya moto, sufuria ikiwa imeepuliwa. Ya kuchoma yalifungwa kwa maganda yake na kitambaa juu, kwa kuwa hindi la kuchoma likipoa huwa gumu: wanga ulioshikana kwa joto hujikaza tena kwa baridi, na baridi ya Ufipa jioni haingoji. Kwa hiyo hindi la kuchoma lisitangulie. Bora watu walingoje lenyewe kuliko lenyewe kuwangoja.

Kipande cha ndimu kilichochovywa katika chumvi na pilipili ya unga kilipitishwa juu ya yale ya kuchoma. Hayo yalikuwa mchango wetu wa pwani, na watoto wa nyumba walikubali kwamba safari hii tumefanya jambo.

Jiko lisiingie chumbani

Kuna jambo moja ambalo mama yule alilisimamia kwa ukali kuliko dakika zote tulizozitaja. Miezi ya mahindi mabichi ndiyo miezi ya mvua. Mvua ilianza tukiwa tunachoma, na mmoja wetu akainua jiko alipeleke sebuleni. Alimzuia mlangoni.

Makaa yaliyoiva vizuri hayatoi moshi, na kwa hiyo mtu hudhani ni salama. Lakini ndiyo yanayotoa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Hewa hiyo huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Mtu huanza kuumwa kichwa, kusikia kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi mzito, na aliyelala huenda asiamke. Hatari huwa kubwa zaidi baada ya kupika, pale makaa yaliyobaki yanapoingizwa chumbani ili yawapashe watoto joto usiku, huku milango na madirisha yakiwa yamefungwa kwa sababu ya baridi.

Jiko likae chini ya upenu, au katika jiko la nje lililo wazi pande mbili. Baada ya kuchoma, makaa yamwagiwe maji au yafunikwe kwa majivu nje ya nyumba. Mtu akipatwa na dalili tulizozitaja, atolewe nje kwenye hewa safi mara moja na kupelekwa kituo cha afya, wala asiachwe alale ili apumzike.

Jioni ile tulichomea chini ya upenu, matone ya mvua yakidondoka hatua moja kutoka jikoni. Adhana ilipotolewa, bibi alifungua kwa maji, akachukua hindi lake lililopita majini na makaani, akapukuchua punje chache kwa kidole gumba na kuziweka mdomoni. Alitafuna kwa muda, sisi tukimtazama bila kutaka aone kwamba tunamtazama. Kisha akapukuchua mstari wa pili.

Alipomaliza, gunzi lilikuwa tupu kuanzia kitako hadi ncha. Alimwambia mjukuu wake alianike pamoja na mengine, litafaa kuwashia moto msimu ujao.